Mussa kwa S Mbili

Je, mfasiri anaruhusiwa kusahihisha kosa ambalo kila mtu chumbani anajua kuwa ni kosa? Nauliza kwa sababu hapa Mocímboa da Praia swali hili si la darasani. Linakuja na bahasha, linakaa kwenye kiti, linasubiri jibu kabla basi la Pemba halijaondoka.

Tangu watu waanze kurudi mjini, vijana wanaleta vyeti vya darasa la kumi na mbili wavitafsiriwe kwa ajili ya ubalozi. Mji ulishambuliwa mara ya kwanza tarehe 5 Oktoba 2017, na kuanzia Agosti 2020 mpaka Agosti 2021 ulikuwa mikononi mwa waasi, bandari pamoja nao. Karatasi nyingi za watu na za ofisi ziliungua au ziliachwa njiani. Kwa hiyo cheti kilichopona, hata kama kimekunjwa mara nane na kina alama ya maji ya chumvi, mara nyingi hakina ndugu. Mwenyewe hawezi kwenda kesho kwenye dirisha la shule akasema, nirekebishieni herufi moja.

Niseme mapema kwamba mimi si mfasiri aliyeapishwa. Ninachofanya ni kuandaa rasimu pamoja na kijana mwenyewe, kutoka Kireno kwenda Kiingereza, halafu rasimu inakwenda kwa mfasiri anayetambuliwa kisheria. Yeye anaisoma upya, anaapa na kutia saini. Lakini rasimu mbaya inazaa tafsiri mbaya, maana mtu mwenye kazi nyingi mezani huamini macho ya mwenzake kuliko anavyokiri.

Sasa nieleze kwanza ugomvi wa majina, kwa kuwa bila huo swali halieleweki.

Majina yetu ya pwani ni yale yale ya Mtwara, Lamu na Unguja. Ila yaliandikwa na makarani waliosikia kwa sikio la Kireno. Katika Kireno herufi h mwanzoni mwa neno haitamkwi, basi Hamisi akawa Amisse na Hadija akawa Atija. Herufi s moja ikiwa katikati ya irabu mbili inasomwa kama z, kwa hiyo karani aliyetaka Musa asigeuke Muza aliweka s mbili: Mussa. Bakari akawa Bacar, Selemani akawa Selemane, Muhammad akawa Momade. Na jina Saidi likaandikwa Saíde, lenye alama juu ya i, kwa sababu bila alama ile Mreno atazisoma a na i kama sauti moja. Karani hakuwa mjinga. Alikuwa anafuata kanuni ya lugha yake vizuri kabisa. Ng'ambo ya mto Rovuma ndugu zetu waliandikwa na makarani wa kanuni nyingine, ndiyo maana ndugu wawili wa baba mmoja, mmoja amezaliwa Palma na mwingine Mtwara, kwenye karatasi hawafanani.

Kisa chenyewe ni hiki. Majina nimeyabadilisha, lakini herufi zinazoleta shida nimezichagua zifanane. Kijana ana cheti kinachosomeka Mussa Amisse Saide, bila alama juu ya i. Cheti hicho kinamtaja mama yake kuwa Atija Bacar. Kitambulisho chake na pasipoti vinasema Mussa Amisse Saíde, na kwenye kitambulisho mama ni Hatija Bacar. Na fomu ya kuomba ufadhili wa masomo ilijazwa na mjomba wake Mtwara, kwa nia njema, kwa jina la Musa Hamisi Saidi. Ubalozi ulioko Maputo unataka tafsiri ya cheti. Kutoka hapa mpaka Maputo ni zaidi ya kilomita 2000, na nauli ya kwenda kusahihisha karatasi si ya mchezo.

Kijana aliomba jambo moja. «Kaka, wewe si unatafsiri? Basi tafsiri na jina. Andika Musa Hamisi Saidi, ifanane na fomu. Si ndiyo jina langu?»

Mama yake alikuwa amekaa karibu na mlango. Baada ya kuitikia shikamoo alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kitu ambacho mpaka leo naona ni hoja nzito kuliko zote nilizosikia. «Mwanangu, mimi ndiye niliyemzaa na kumpa jina. Nilimpa Musa. Huyo wa shule alikosea kunisikia. Sasa wewe unamheshimu aliyekosea kuliko mimi niliyempa?»

Hoja hii haijibiwi kwa kusema sheria ni sheria. Mama anasema ukweli. Jina ni la aliyepewa na aliyetoa, karani alikuwa mpita njia tu. Tena kuna jambo la zamani ndani yake: watu wetu wameandikwa na wengine kwa muda mrefu, na kila aliyekuja na kalamu ametuandika alivyosikia. Mtu akipata nafasi ya kuandika mwenyewe, kwa mkono wa kijana wa mtaani kwake, kwa nini tena arudie makosa ya mgeni?

Nilijaribu kujibu kwa kuuliza tafsiri ni ya nani. Si ya mama, kwani anajua jina la mwanawe. Kijana naye anasoma Kireno vizuri, hana haja nayo. Tafsiri inaandikwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, yule ofisa wa ubalozi asiyejua Kireno. Mtu huyo ni kipofu mbele ya cheti. Ameazima macho yetu. Kila neno tunalomwambia lipo, yeye analiona lipo, hana njia ya kutazama pembeni. Nikimwambia pameandikwa Musa, wakati pameandikwa Mussa, sijamsahihisha karani wa shule. Nimemdanganya kipofu kuhusu kilicho mbele yake. Kwamba uongo wenyewe unafanana na ukweli wa nyumbani hakubadilishi kitu, kwa sababu hakuniuliza kijana anaitwa nani. Aliniuliza karatasi inasema nini.

Hayo ni maswali mawili tofauti, na yote mawili yana haki ya kujibiwa. Kosa ni kulijibu moja kwenye nafasi ya jingine.

Na kuna sababu nyingine, ya kawaida kabisa. Tafsiri haiendi peke yake. Inabanwa kwa pini pamoja na fotokopi ya cheti. Ofisa asiyejua Kireno bado anajua herufi. Ataweka kidole kwenye jina huku na kidole kwenye jina kule, na akikuta s mbili upande mmoja na s moja upande wa pili, hatasema hawa watu wa pwani wana majina ya Kiarabu yaliyopita Ureno. Atasema karatasi imechezewa. Akishasema hivyo, hata alama za hesabu haziamini tena.

Basi tunafanyaje? Naeleza kazi yenyewe, kwa sababu nimeona watu wanaamini uaminifu ni jambo la moyo tu. Uaminifu wa tafsiri uko kwenye vidole na macho.

Kwanza tunadai cheti halisi, si picha ya simu. Picha haionyeshi muhuri mkavu, ule unaobonyezwa kwenye karatasi bila wino. Ukiinamisha cheti kuelekea dirishani, mwanga ukipita kwa upande, duara linajitokeza na herufi zake zinasomeka. Kwenye fotokopi duara lile halipo kabisa. Halafu tunageuza karatasi. Nyuma ya cheti ndipo mara nyingi mthibitishaji wa serikali ameweka maneno yake ya kutambua saini ya mkurugenzi wa shule, pamoja na mhuri wake, namba na tarehe. Anayetafsiri upande wa mbele tu ametafsiri nusu ya cheti.

Pili tunahesabu. Kabla ya kuandika neno hata moja, tunaandika kwenye daftari vitu vyote vilivyopo: nembo ya Jamhuri juu katikati, mistari mitatu ya kichwa, namba ya kitabu na ukurasa, jedwali lenye safu tatu na masomo kadhaa, mstari wa tarehe, saini mbili, muhuri mmoja wa wino wa zambarau unaopanda juu ya saini ya pili, muhuri mkavu mmoja. Mwisho wa kazi tunahesabu tena kwenye tafsiri. Hesabu zisipolingana, kuna kitu kimeanguka.

Mpangilio unafuata cheti. Jedwali linabaki jedwali, masomo yanabaki kwa utaratibu ule ule hata kama ungependa kuanza na hesabu. Penye nafasi tupu karani wa Kireno huchora vistari mpaka mwisho wa mstari, ili mtu asije akachomeka maneno. Vistari hivyo navyo vinaandikwa, maana navyo vinasema kitu: hapa hapakuwa na neno. Pale penye muhuri hatuchori muhuri wala hatubandiki picha yake. Tunafungua mabano ya mraba mahali pale pale ulipo, tunaeleza umbo, rangi na maneno yaliyomo. Kama nusu ya maneno imefifia, tunaandika kinachosomeka, na kwa kilichobaki tunaandika kwamba hakisomeki. Hapo ndipo majaribu yanapoanza, kwa sababu unajua kilichoandikwa ni nini! Muhuri wa shule unaujua, umesoma pale miaka mitano. Lakini kujua si kusoma.

Uaminifu huu haumaanishi kufasiri neno kwa neno kama kasuku. Cheti cha Kireno humalizika kwa sentensi inayosema kimetiwa saini na kuthibitishwa kwa «muhuri wa mafuta» unaotumika shuleni. Ni wino wenye mafuta, basi, wino wa kawaida wa muhuri. Ukimwandikia ofisa habari za mafuta atajiuliza kama cheti kilikaangwa. Unaandika muhuri wa wino, na humdanganyi mtu.

Alama ndizo zinazonipa kazi ya kufikiri zaidi. Cheti kinasema 14, na baada yake kwa maneno, kumi na nne. Msumbiji tunahesabu kutoka 0 mpaka 20, na kufaulu kunaanza 10. Kumi na nne ni alama nzuri, mzazi anachinja kuku. Lakini ofisa aliyezoea asilimia anaona 14 anadhani kijana aliferi vibaya. Kijana alitaka tuandike 70 kwa mia, kwa kuwa hesabu ndiyo hiyo. Mwingine kabla yake alitaka herufi B. Hesabu ya 70 ni sahihi, ila cheti hakikusema 70, na kulinganisha alama za nchi moja na nyingine ni kazi ya chombo kingine. Anayekwenda kusoma Tanzania, kwa mfano, kazi hiyo inafanywa na Baraza la Mitihani, NECTA, si na mimi na kompyuta yangu. Vivyo hivyo darasa la kumi na mbili linabaki darasa la kumi na mbili. Haliwi kidato cha sita kwa kalamu ya mfasiri.

Je, tumwache ofisa adhani 14 ni kushindwa? Hapana. Tunaandika 14 kama ilivyo, na chini ya jedwali, ndani ya mabano ya mraba, tunaweka maelezo ya mfasiri: alama hutolewa kati ya 0 na 20, na 10 ni ya kufaulu. Watu wa mashirika waliwahi kuniuliza tofauti iko wapi, si yote ni kuongeza kitu ambacho hakimo? Tofauti ni kwamba maneno ya ndani ya mabano yana mwenyewe. Ofisa anajua hapa anasema mfasiri, pale inasema shule. Akitaka kuniamini ataniamini, asipotaka atauliza, wala sijamnyang'anya chaguo hilo. Nikiandika 70 ndani ya jedwali, nimeitia shule maneno mdomoni.

Nikarudi kwa mama na jibu hilo hilo. Jina lake alilolitoa lina nafasi ya kuandikwa, lakini si ndani ya mdomo wa shule.

Tafsiri ikaandikwa Mussa Amisse Saide, herufi kwa herufi, s mbili, bila alama juu ya i kwa kuwa cheti hakikuiweka. Atija akabaki Atija. Kisha tukasaidia kuandaa karatasi ya pili, tamko la kijana mwenyewe mbele ya mthibitishaji, likisema kwamba Mussa Amisse Saide wa cheti na Mussa Amisse Saíde wa pasipoti ni mtu mmoja, na kwamba Atija Bacar na Hatija Bacar ni mama mmoja, pamoja na nakala ya kitambulisho na ya cheti cha kuzaliwa. Hapo mama alikuwa na mahali pa kusema. Kuhusu fomu ya Mtwara, dawa haikuwa kwenye cheti hata kidogo. Fomu ndiyo iliyokuwa changa kuliko karatasi zote, na rahisi kubadilika. Mjomba akapigiwa simu, akanung'unika kidogo, akaandika barua kwa wafadhili waweke jina la pasipoti.

Ile alama juu ya i iliwatia watu hofu bure. Chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti kuna mistari miwili inayosomwa na mashine, na mashine hiyo inajua herufi A mpaka Z tu. Alama za juu zote zinadondoka. Jina la kijana pale linasomeka hivi:

```
P<MOZSAIDE<<MUSSA<AMISSE<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<
```

Jina la mwisho linatangulia, halafu mengine. Kwa hiyo Saíde na Saide, kwa mashine ya mpakani, ni neno moja, na ofisa wa ubalozi analijua hilo kuliko sisi. Lakini Mussa na Musa kwa mashine ni watu wawili. Ndiyo maana naona ni vizuri kujua ni tofauti ipi ya kukosea usingizi na ipi ya kuacha ipite. Hata hivyo kwenye tafsiri zote tunaziweka kama zilivyo. Kuamua ipi ni ndogo si kazi yetu, ni kazi ya anayesoma.

Kuhakiki tunafanya wawili. Mmoja ameshika cheti, anataja herufi moja moja kwa sauti, mwingine ameweka kidole kwenye tafsiri. Majina na namba tunayasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo, kwa sababu ukisoma kwenda mbele jicho linakumbuka jina na haliangalii tena. E-S-S-I-M-A. Watoto wanaopita dirishani wanacheka, wanadhani tunasoma uganga. Kompyuta nayo inahitaji kuchungwa: ile huduma ya kusahihisha maneno yenyewe izimwe kabla ya kuanza, maana inapenda sana kugeuza Amisse kuwa neno lake.

Neno moja kwa ndugu wa mashirika, kwa kuwa nanyi mnasoma jarida hili. Orodha za mgao wa chakula na mahema ziliandikwa haraka, kwa sikio, na waandishi waliotoka Maputo, Nampula na nchi za mbali. Kuna kijana ambaye sasa ana jina la tatu, la kwenye kadi ya mgao, lisilofanana na cheti wala pasipoti, na kadi ile ndiyo karatasi pekee aliyobaki nayo. Siku atakapotaka kuthibitisha yeye ni nani, ataanza na hiyo. Mkiwa na daftari mezani, ombeni karatasi yoyote aliyo nayo mtu na nakilini kutoka kwenye karatasi, msisikilize. Kama hana karatasi, mwulizeni yeye mwenyewe herufi.

Sisemi njia hii inafungua kila mlango. Kuna balozi zinazokubali tamko la aina ile na kuna zinazotaka cheti kipya kutoka shuleni, na ni lazima kuuliza kwanza, kwa maandishi, kabla ya kulipa mfasiri. Cheti kipya nacho kinahitaji kitabu cha shule, na kama kitabu kimeungua, mtu anaanza safari ya idara ya elimu, wilaya mpaka mkoa, akitafuta orodha ya matokeo ya mwaka wake. Wengine wameipata. Wengine bado wanaitafuta.

Mama hakukubaliana nami, niseme wazi. Alisema ameelewa, ila kuelewa na kukubali ni vitu viwili. Alipofika kwenye tamko, pale pa kutaja jina la mama, mthibitishaji alimwuliza aandike vipi. Akajibu, «Andika yote mawili kama walivyosema vijana. Halafu ukimaliza, chini, andika Hadija.» Mthibitishaji akaandika kwamba mama mwenyewe hutamka jina lake Hadija.